Kupanga Saa za Tangazo la Google kwa Biashara Yenye Mpokeaji Simu Mmoja

Mtu anayebofya namba ya simu iliyo ndani ya tangazo lako la Google hukugharimu fedha papo hapo, iwe simu hiyo itapokelewa au itaita mpaka ikate. Kampeni mpya, usipoipangia saa, huonekana mchana na usiku kwa siku zote 7 za wiki. Kwa duka linalofungwa saa 11 jioni, na ambalo lina mtu mmoja tu wa kupokea simu, sehemu ya bajeti huliwa na watu wanaopiga wakati milango imeshafungwa. Wateja wetu wengi wa Unguja Mjini hutueleza kuwa tangazo halifanyi kazi, lakini tukiwaomba watuoneshe orodha ya simu zisizopokewa tunakuta wateja walipiga.

Tuchukue mfano wa karakana ya kutengeneza friji na viyoyozi iliyopo Mwanakwerekwe. Inafunguliwa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa inafungwa saa 6 mchana kwa ajili ya sala na kufunguliwa tena saa 8 na nusu. Jumamosi inafanya kazi mpaka saa 7 mchana, na Jumapili imefungwa. Mafundi huwa nje kwa wateja, na simu inabaki kwa dada mmoja wa ofisini ambaye pia hupokea fedha na kuandika stakabadhi.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, tunamwomba mwenye karakana aangalie simu yake kwa wiki 2 na kuandika kila simu iliyokosa kupokelewa, siku yake na saa yake. Orodha hiyo ndiyo inayoonesha ukweli, kwa sababu ripoti ya saa ndani ya Google Ads hukuonesha mibofyo, wala haijui kama dada yule alikuwa mezani. Ukiziweka ripoti mbili hizo pamoja utaona ni saa zipi unazolipia bila kuzihudumia. Mara nyingi simu zisizopokewa huwepo saa za mchana pia, hasa pale simu 2 zinapoingia kwa pamoja. Hizo hazitibiwi kwa kufunga tangazo, zinahitaji laini ya pili au mtu wa kupiga tena ndani ya dakika chache.

Mpangilio wenyewe unafanywa ndani ya kampeni, kwenye ukurasa wa `Ad schedule`, ambapo unachagua siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kwa hatua za dakika 15, na siku moja inakubali vipindi visivyozidi 6. Hapa ndipo kosa linalotukuta mara kwa mara linapoingia. Saa yetu 2 asubuhi kwenye skrini ni `8:00 AM`, na saa 11 jioni ni `5:00 PM`. Mtu aliyejaza `2:00 AM` kwa haraka amelifungulia tangazo lake usiku wa manane. Kosa la pili halionekani kwenye ukurasa huo kabisa. Saa hizo zinafuata majira ya akaunti, si majira ya mtu anayetafuta, kwa hiyo akaunti iliyofunguliwa na jamaa aliyeko Uingereza ikiwa na majira ya London itachelewesha kila kipindi kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi cha kule. Dalili yake ni simu kuwa kimya asubuhi mpaka saa 4 au saa 5, kisha kuendelea kuita jioni baada ya kufunga, hali ripoti inaonesha kila kitu kimekwenda kama ulivyopanga, kwa kuwa ripoti nayo inatumia majira yaleyale. Angalia `Time zone` katika mipangilio ya akaunti kabla ya kujaza chochote.

Kwa karakana yetu, hatufungi tangazo dakika ileile mlango unapofungwa, tunalifunga nusu saa kabla. Mtu anaweza kuliona tangazo, akasoma ukurasa wako, akamuuliza mwenzake bei, ndipo akapiga. Na simu ya kuelekeza nyumba iliyoko ndani ndani ya Fuoni haimaliziki kwa dakika moja. Kwa hiyo Jumatatu mpaka Alhamisi tangazo linaonekana `8:00 AM` hadi `4:30 PM`. Ijumaa lina vipindi viwili, `8:00 AM` hadi `11:30 AM` na `2:30 PM` hadi `4:30 PM`, na Jumamosi linaishia `12:30 PM`.

Hata hivyo, si kila huduma inastahili kufungwa usiku, na jambo hili tunaliona muhimu kuliko saa zenyewe. Mtu ambaye friji yake imezima na samaki wamo ndani hatangoji asubuhi. Asipopokelewa atampigia fundi mwingine, basi tangazo la matengenezo ya haraka lifungwe wakati hakuna mpokeaji. Lakini anayetaka kufungiwa viyoyozi katika nyumba anayoijenga hutafuta usiku baada ya kazi, analinganisha, na yuko tayari kusubiri jibu. Tunazitenganisha huduma hizo katika kampeni mbili. Ile ya ufungaji inabaki wazi mpaka saa 4 usiku, ila namba ya simu ndani yake inapangiwa saa zake peke yake, kwani Google Ads inaruhusu namba hiyo kuonekana saa za kazi tu huku tangazo likiendelea. Nje ya saa hizo maneno yasiwe "piga simu sasa", na ukurasa unaofunguka uanze na fomu au WhatsApp, pamoja na ahadi ya kujibu asubuhi ambayo ofisi itaitimiza kweli.

Msitarajie kwamba kulifunga tangazo kwa nusu ya saa zote za wiki kutapunguza matumizi kwa nusu. Google inaweza kutumia hadi mara 2 ya bajeti ya siku katika siku yenye utafutaji mwingi, mradi mwezi usizidi bajeti hiyo mara 30.4, kwa bajeti ya dola 10, hiyo ni dola 20 kwa siku moja na dola 304 kwa mwezi. Fedha iliyokuwa ikitumika usiku inaweza kuhamia mchana, jambo ambalo ni zuri ikiwa mpokeaji anazimudu simu. Simu za mchana zisizopokewa zikizidi kuliko mwanzo, punguzeni bajeti.

Mpangilio huu hurudia wiki hadi wiki na haujui sikukuu. Tarehe 12 Januari inajulikana mapema, lakini Idi inasubiri mwezi kuandama, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusimamisha kampeni kwa mkono usiku ule. Ramadhani inahitaji ratiba mpya kabisa. Ofisi inayofunguliwa baada ya tarawehe, tuseme Jumatatu saa 3 usiku hadi saa 7 usiku, haiwezi kuandikwa kwa kipindi kimoja, kwa kuwa siku ya Google inaishia saa 6 usiku. Unaandika Jumatatu `9:00 PM` hadi `12:00 AM`, kisha Jumanne `12:00 AM` hadi `1:00 AM`. Ratiba ya kawaida ipigwe picha au inakiliwe mahali kabla ya kubadilishwa, ili Idi ikipita irejeshwe bila kukisia.