Ndugu Mkurugenzi, mifuko miwili na nusu ya saruji itatoka wapi?

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Barua ya ofisi yako kuhusu zabuni ya wodi kule Uporoto nimeipata. Inasema bei yangu ya zege, shilingi 358,000 kwa mita moja ya ujazo, imezidi makadirio ya mhandisi ambayo ni 310,000. Inanitaka niondoe fungu la tahadhari, kwa maelezo kwamba "mvua ni jambo la kawaida", nipunguze na gharama za uendeshaji, ndipo tuzungumze mkataba. Nakujibu hadharani kwa sababu makandarasi wenzangu wadogo wa huku nyanda za juu hupata barua za namna hii, na wengi hukubali kimya kimya. Nitakuonyesha 358,000 ilivyopatikana, shilingi kwa shilingi.

Zege lililoandikwa kwenye jedwali la bei ni la uwiano wa 1:2:4, yaani saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, na kiasi chake ni mita za ujazo 60. Mita moja, ukihesabu na kinachomwagika, inakula mifuko 6.7 ya saruji. Saruji inatengenezwa hapo Songwe, lakini mimi simwagi zege Songwe. Dukani Mbeya mjini mfuko nimeukuta 17,000. Kuupandisha mlimani, kuushusha na kuuingiza stoo ni 2,500 zaidi. Kwa hiyo mfuko ulio mkononi mwa fundi ni 19,500, na saruji ya mita moja inafika 130,650. Kokoto ni 85,500, mchanga 20,000, maji 3,000.

Halafu watu na mitambo. Mafundi wawili na vibarua kumi kwa siku wananigharimu 210,000, na mashine ya kuchanganyia pamoja na ya kushindilia, mafuta yakiwamo, ni 160,000. Kundi hilo siku ya jua linamwaga mita 8. Gawanya 370,000 kwa 8, unapata 46,250 kwa mita. Jumlisha na vifaa: 285,400. Hiyo ni gharama tupu ya kazi. Hapo hakuna hata senti ya kulipia karatasi niliyoandikia zabuni.

Gharama za uendeshaji sikuzibuni. Mwaka jana mhasibu, mhandisi wangu, kodi ya ofisi, gari, bima na ada za Bodi ya Usajili wa Makandarasi vilinila milioni 48, na gharama tupu za kazi zote nilizofanya zilikuwa milioni 600. Arobaini na nane kwa mia sita ni asilimia 8, kwa hiyo kila mita ya zege inabeba 22,832. Mlinzi, stoo na msimamizi wa pale pale saiti sikuwaweka humo, kwa kuwa nimewapa bei yao mwanzoni mwa jedwali. Ningewaweka mara mbili, ungekuwa na haki ya kunikata.

Sasa tahadhari, ambayo naona ndiyo imekukera. Wapo wanaobandika asilimia 10 juu ya kila kitu na kuiita tahadhari, na hao mimi pia siwatetei. Mimi nimeuliza maswali mawili tu: nini kinaweza kuharibika, na kikiharibika kitanigharimu kiasi gani?

La kwanza ni mvua. Ratiba yako inataka msingi na sakafu zimwagwe Januari hadi Machi. Unaijua Tukuyu, inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Uporoto ni jirani yake. Katika miezi hiyo kundi lile lile, kwa posho ile ile, linamwaga mita 5 kwa siku badala ya 8, maana mchana linajificha chini ya turubai. Mita 60 ambazo zingeisha kwa siku saba na nusu zinachukua siku 12. Siku nne na nusu za ziada kwa 370,000 ni shilingi 1,665,000. Nimekadiria uwezekano wa nusu kwa nusu, kwa kuwa zipo wiki za kiangazi kifupi katikati. Nusu yake ni 832,500. Igawe kwa mita 60, ni 13,875.

La pili ni barabara. Fuso likikwama chini ya kilima, saruji inahamishiwa kwenye gari dogo, na hiyo ni 1,500 zaidi kwa mfuko. Mifuko 402 ni shilingi 603,000. Nimeipa nafasi moja kati ya tatu: 3,350 kwa mita. Jumla ya tahadhari yote ni 17,225.

Faida yangu ni asilimia 10 juu ya hayo matatu, yaani 32,546. Inakuja 358,003, nikaandika 358,000. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, inakaa chini kabisa ya jedwali, haimo humu.

Ofisi yako inasema mvua ni kawaida. Ni kweli, na ndiyo sababu mkataba wako unaniongezea siku mvua ikizidi lakini haunipi fedha, na bei haibadiliki kwa miezi yote 6. Mvua hiyo mmenikabidhi mimi. Nikiondoa bei yake, bado ninayo.

Mwenzangu mmoja alinishauri niifiche ndani ya uchimbaji wa msingi, ambako hakuna anayeangalia. Nilikataa. Uchimbaji hupimwa upya baada ya kazi. Udongo ukikutwa mbovu na mita 90 zikawa 140, ungenilipa fedha ya mvua juu ya kila mita iliyoongezeka, wala usingejua.

Tazama sasa hiyo 310,000. Ukitoa gharama tupu inabaki 24,600. Toa uendeshaji, inabaki 1,768. Hiyo ndiyo faida na tahadhari kwa pamoja, na siku moja ya mvua inaimaliza. Pengo kati yetu ni 48,000, karibu sawasawa na mifuko miwili na nusu ya saruji. Nimeona pengo la namna hiyo linavyozibwa. Zege la 1:2:4 linageuka 1:3:6, ambalo kabla ya upotevu linakula mifuko 4.4 hivi, na likishapigwa sakafu juu huwezi kulitofautisha kwa macho. Utalitambua baada ya miaka michache, mtakapokuwa mnaziba nyufa za wodi. Au utalitambua mapema ukiagiza mifuko mitupu ihesabiwe kila jioni, na vipande vya zege vivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28. Fanya hivyo kwa yeyote utakayempa kazi, mimi nikiwamo.

Ninaomba mawili. Kwanza, kila mzabuni atakiwe kuambatisha mchanganuo kama huu kwa vipengele vitano vyenye fedha nyingi, na mhandisi naye aweke wake mezani. Huenda makadirio yake yalichukua saruji kwa bei ya mjini. Kama ni mimi niliyekosea kwenye kokoto, nitashusha.

Pili, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, wakati huku kumekauka. Lakini zabuni hutangazwa Septemba au Oktoba, na mkataba unasainiwa mvua zimeshaanza. Nyaraka zikiandaliwa Aprili na Mei, kazi inaanza Julai. Nipe saiti mwezi huo, nami nitafuta ile 13,875 ya mvua pamoja na faida iliyobebwa juu yake. Bei itashuka kwa zaidi ya shilingi 15,000 kwa kila mita, na mifuko 6.7 itabaki ndani ya zege.

Wako katika ujenzi,
Mkandarasi wa majengo, Mbeya