Picha ya skrini ikitoka kiubavu au imekatwa: kabla hujabadilisha kioo, soma hapa

Wiki iliyopita alifika dukani kwetu Mlandege dada mmoja anayefanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni Jambiani. Kishikwambi chake hukaa kwenye stendi kikiwa kimelala, kwa sababu orodha ya wageni ni pana. Akitaka kusoma ujumbe hukisimamisha wima, kisha hukilaza tena na kupiga picha ya skrini ili ampelekee bosi wake aliyeko mjini. Picha zilikuwa zikifika nusu: jina la mgeni lipo, tarehe ipo, safu ya malipo haipo, na chini kuna utepe mpana mweusi. Fundi mmoja alikuwa ameshamwambia kioo kimekufa, anunue kipya.

Hilo lilitusikitisha, maana kioo hakihusiki. Picha ya skrini haipigwi kutoka kwenye kioo. Mfumo huchukua picha ulioiandaa wenyewe kwa ajili ya kuonyeshwa, na ndiyo maana hata kioo kikiwa na nyufa, picha ya skrini hutoka bila ufa wowote. Kasoro ikiwa ndani ya picha yenyewe, itafute kwenye programu.

Tulifungua moja ya picha zake tukatazama vipimo vyake: upana nukta 800, urefu nukta 1280. Hicho ni kipimo cha kishikwambi chake kikiwa wima, ilhali yeye alikipiga kikiwa kimelala, yaani orodha ilikuwa na upana wa 1280 na urefu wa 800. Ni kama kuutandika mkeka mrefu katika chumba chembamba. Upande wa kulia nukta 480 hazikupata pa kukaa, zikakatwa, na huko ndiko ilikokuwa safu ya malipo. Chini zikabaki nukta 480 tupu, ndiyo ule weusi. Kwa hiyo ukiona upande mmoja umekatwa na upande mwingine una utepe mweusi, jua kwamba kipimo kilichukuliwa kabla ya kugeuza na picha ikachukuliwa baada ya kugeuza.

Picha iliyotoka kiubavu ni jambo jingine. Hapo vitu vyote vimo, ila maneno yamelala. Kipimo na picha vimefuata mkao wa asili wa kishikwambi, na hatua ya kuizungusha ikarukwa. Hii inaponyeka: ifungue kwenye galari, izungushe, uihifadhi. Iliyokatwa haiponi. Zile nukta hazikuhifadhiwa mahali popote, na anayekuahidi kuzirudisha anakula pesa yako bure.

Ili kumjua mkosaji, tulipiga kwanza kwa vitufe, cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti. Tulipiga kikiwa wima, kikiwa kimelazwa kulia, kikiwa kimelazwa kushoto, kila mara tukisubiri sekunde tatu hivi baada ya kugeuza. Zote zilitoka sawa. Kisha tukaunganisha na kompyuta tukauomba mfumo wenyewe:

```
adb exec-out screencap -p > jaribio.png
```

Nayo ilitoka sawa. Ndipo tulipogundua kwamba dada hatumii vitufe. Alikuwa na programu ndogo yenye kidoti kinachoelea, ambayo hupima skrini mara moja tu inapofunguliwa. Yeye huifungua asubuhi kishikwambi kikiwa wima, na kutwa nzima inatumia kipimo kile kile. Tuliifunga tukaifungua upya kikiwa kimelala: picha nzima. Tukakisimamisha bila kuifunga: ikakata. Akakubali tuifute, sasa anatumia vitufe.

Kama picha za vitufe nazo zinakatwa, acha kwanza kugeuza na kupiga kwa pamoja. Geuza, subiri skrini itulie, zima Auto-rotate kwenye menyu ya juu, ndipo upige. Ikiendelea hata hivyo, na picha ya kompyuta nayo ikawa mbovu, kosa limo kwenye mfumo wa kishikwambi, na tunaangalia kama mtengenezaji ametoa toleo jipya. Kwa vishikwambi vya zamani huenda lisiwepo, na hapo tutakwambia wazi kwamba njia iliyobaki ni kupiga katika mkao ule mmoja unaotoka vizuri. Kufomati hatukushauri: kunafuta vitu vyako, na kunarudisha mfumo ule ule wenye kosa.

Kupima hatutozi. Ukija, tuletee kishikwambi chenyewe na picha mbovu zikiwa bado zimo, usizifute. Usitutumie kwa WhatsApp kama picha za kawaida, maana hupunguzwa njiani na vile vipimo tunavyovitafuta huweza kubadilika. Ukiwa mbali, Makunduchi au Pemba, zitume kama faili, na ututajie ulipiga kwa vitufe au kwa programu gani.