Kabaka Daudi Chwa hakutia saini Mkataba wa 1900

Mheshimiwa Mhariri,

Makala yenu kuhusu ardhi ya Buganda ilisema kwamba "Kabaka Daudi Chwa alitia saini mkataba na Waingereza mwaka 1900 akagawa ardhi ya watu wake." Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Daudi Chwa alizaliwa tarehe 8 Agosti 1896. Mkataba ulitiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Fanya hesabu: miaka mitatu na miezi saba. Mtoto wa umri huo hukuchorea ukuta. Hakugawii maili za mraba.

Kosa lenyewe ni la kawaida, na linatokana na kuchanganya tarehe tatu. Ya kwanza ni ya kuzaliwa. Ya pili ni ya kutangazwa mfalme, yaani 14 Agosti 1897. Baba yake, Mwanga, alikuwa ametoroka Mengo, makao ya ufalme, mwezi Julai kwenda Buddu kuanzisha uasi, na tarehe 9 Agosti akavuliwa ufalme. Jana yake tu mwanawe alikuwa ametimiza mwaka mmoja. (Ndiyo maana hucheka nikisoma kwamba Daudi Chwa "alimpindua" baba yake.) Ya tatu ni Agosti 1914, alipofikisha miaka 18, umri ambao mkataba wenyewe uliuweka kuwa wa utu uzima wa Kabaka.

Kati ya tarehe ya pili na ya tatu kuna karibu miaka 17, na miaka hiyo ina wenyewe. Wasimamizi wa ufalme walikuwa watatu: Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, aliyekuwa Mprotestanti, Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki, na Zakaria Kizito Kisingiri, Mprotestanti pia. Atakayeshika nakala ya mkataba atafute ukurasa wa mwisho. Pale Sir Harry Johnston alitia saini kwa niaba ya Uingereza, na upande wa Buganda waliotia saini ni wasimamizi hao na machifu, pamoja na Mbogo, kiongozi wa Waislamu. Walifanya hivyo kwa niaba ya Kabaka. Jina la mtoto limo ndani ya mkataba kama mfalme anayetambuliwa, ila si kama mtia saini. Mwandishi wenu alikutana na jina hilo akalichukulia kuwa ni mkono.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ya yaliyoandikwa mle. Kabaka alipewa maili za mraba 350. Machifu na wamiliki binafsi wapatao elfu moja walitengewa 8,000, ndiyo asili ya ardhi ya mailo. Orodha ya nani apate nini ilipitia mikononi mwa baraza la machifu, na wasimamizi wenyewe walikuwa miongoni mwa waliofaidika zaidi. Ukisema "Kabaka aligawa," umewafuta walioshika kalamu huku wakiwa na hisa katika kinachogawanywa.

Miaka ya 1920 bataka, wakuu wa koo waliopoteza ardhi walikozikwa mababu zao, walipeleka malalamiko yao kwa Daudi Chwa mwenyewe, ambaye sasa alikuwa mtu mzima. Kabaka hakusema "niligawa vizuri" wala "nilikosea." Aliwaunga mkono dhidi ya mgawanyo uliofanywa kwa jina lake angali mtoto. Kwa maelezo ya makala yenu tukio hilo halieleweki kabisa: mtu anawezaje kuungana na wanaomlalamikia?

Nikiri jambo moja kwa haki ya mwandishi. Hata mstari wa 1914 si ukuta. Siku Kabaka alipotimiza miaka 18, Kagwa aliacha kuwa msimamizi lakini hakuondoka Mengo. Aliendelea kuwa Katikiro hadi alipojiuzulu mwaka 1926. Kwa hiyo amri ya mwaka 1916, tuseme, ni ya Kabaka kisheria, ila bado inafaa kuuliza aliyeiandaa ni nani. Kabla ya 1914 swali hilo halina hata haja ya kuulizwa.

Kuna pia hesabu ya jumla. Daudi Chwa alifariki tarehe 22 Novemba 1939, na vitabu husema alitawala miaka 42. Msomaji asiyejua huwaza mzee wa miaka sitini na kitu. Alikuwa na miaka 43. Alikaa kwenye kiti miaka 42, akatawala mwenyewe 25.

Ninaomba msahihishe hivi: "Mkataba wa 1900 ulitiwa saini na wasimamizi wa ufalme na machifu kwa niaba ya Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu." Na ile picha mliyoiambatanisha, ya kijana aliyevaa kanzu, haiwezi kuwa ya mwaka 1900 kama maelezo yake yanavyodai.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi