Mwalimu, slaidi ya 7 nimeirekebisha

Shikamoo Mwalimu.

Faili nimekutumia tena leo asubuhi. Ni slaidi 14, nimezitoa kwenye zile zako 62 za vipimo vya malaria. Naandika na hapa kwa sababu ujumbe wa mara ya kwanza hukuujibu, na mimi sikukaa vizuri na ukimya wako.

Alhamisi ile unaikumbuka. Projekta ilikuwa imepinda, maandishi yanapanda kuelekea dirishani, nawe hukuinyoosha. Ukaiweka slaidi yangu ya 7 ukutani. Ilikuwa na mstari mmoja tu: "Chanya = malaria." Ukauliza nani kaandika, na jina langu lilikuwa pale pale chini ya ukurasa, kila mtu analiona. Ukasema aliyeandika hivi ataua mtu. Darasa likacheka. Mimi nilikuwa safu ya pili, nimeshika kalamu, nikaendelea kuishika mpaka kipindi kikaisha.

Mwalimu, ulikuwa na haki juu ya slaidi. Juu ya namna ya kusema, hapana. Siku 9 kabla ya Alhamisi ile nilikuwa nimekutumia faili hilo hilo, nikaomba uliangalie kabla sijalipeleka kwa wenzangu. Mtihani ulikuwa unakaribia, watu wananiuliza kila jioni, nikalituma kwenye kundi. Ungesema nisubiri, ningesubiri.

Nilichokifanya nakijua sasa, na nataka ukione nilivyokiona. Kwenye slaidi yako ya 41 kulikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kipimo cha haraka kinatafuta HRP2, proteini inayotolewa na kimelea cha falsiparamu. Ya pili, kwa herufi ndogo, ilisema proteini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata vimelea vikishakufa. Nilipokuwa nafupisha, ya pili haikuenea. Niliikata kwa sababu ya nafasi. Nilidhani nimekata maelezo, kumbe nimekata sharti.

Niliielewa fildi, kwenye kituo cha afya. Mama alileta mtoto wa miaka 2, ana homa na kikohozi. Siku 12 nyuma alikuwa amemaliza dawa mseto, dozi zote 6 kwa siku 3, na mama alikuja na pakiti tupu ili tuione. Mwenzangu akachoma kidole, akaweka damu na matone ya dawa kwenye kile kibao, akasubiri dakika zilizoandikwa kwenye boksi. Mstari wa udhibiti ukatokea, na wa pili ukatokea, hafifu lakini upo. Akafungua simu. Kwenye simu kulikuwa na muhtasari wangu, slaidi ya 7. Akasema malaria imerudi, tuandike dawa tena.

Bibi wa maabara, ambaye ameifanya kazi ile tangu hatujazaliwa, ndiye aliyetuzuia. Alitengeneza tone nene, akalipaka rangi ya Giemsa, akakaa kwenye darubini. Hakusema kitu mpaka alipopita maeneo 100, kwa sababu chini ya hapo huwezi kusema hakuna. Hakukuwa na kimelea hata kimoja. Wakati huo huo muuguzi alikuwa amelifunua shati la mtoto na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 52. Kwa mtoto wa umri ule, kuanzia 40 ni pumzi za haraka. Alikuwa na nimonia. Ule mstari hafifu ulikuwa unasema habari za malaria iliyokwisha kutibiwa, nasi tulikuwa tunataka kumpa dawa ya jana kwa ugonjwa wa leo.

Alipona, Mwalimu. Nakuambia mapema usije ukawaza.

Ndiyo maana safari hii sikuandikii "naomba uangalie kama iko sawa". Swali la namna ile linamwachia msomaji kazi yote, na mtu mwenye madarasa manne ataliweka pembeni. Hilo nalikubali. Safari hii pembeni ya kila slaidi yangu nimeandika imetoka slaidi ipi ya kwako na nimeacha nini. Usisome zote 14. Nina shaka na tatu.

Slaidi ya 7 sasa inasema: "Chanya: kuna HRP2 kwenye damu. Uliza kama mgonjwa ametibiwa malaria wiki za karibuni. Kama ndiyo, thibitisha kwa darubini na utafute chanzo kingine cha homa." Ni ndefu kuliko ninavyopenda. Naomba uniambie kama kuna neno hapo linaloweza kutoka bila kuharibu.

Slaidi ya 8 ni ya hasi. Zamani niliandika "Hasi = hakuna malaria", kosa lile lile upande wa pili, ila hilo hukulionyesha ukutani. Nimeweka kwamba vimelea vikiwa vichache sana kipimo kinaweza kuvikosa, na kwamba kuna falsiparamu waliopoteza jeni ya HRP2, ambao kipimo hiki kinaweza kisiwaone. Waliripotiwa mwaka 2010 huko Amazoni ya Peru, baadaye wakaonekana Eritrea pia. Swali langu: kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hili likae kwenye slaidi au kwenye maelezo ya chini? Naogopa maelezo ya chini. Unajua kwa nini.

Slaidi ya 9 ndiyo inayoninyima usingizi. Ni hesabu ya vimelea:

```
vimelea kwa mikrolita = vimelea vilivyohesabiwa × 8000 ÷ chembe nyeupe zilizohesabiwa
50 × 8000 ÷ 200 = 2000
```

Nilikuwa nimeandika 2,000 kama jibu kamili. Lakini ile 8,000 hatukuihesabu, tumeikisia kuwa ndiyo idadi ya chembe nyeupe za mgonjwa kwa mikrolita. Mtoto mwenye maambukizi anaweza kuwa na 12,000, na kwa hesabu ile ile jibu linakuwa 3,000. Nimeongeza neno "makadirio" na mfano huo wa pili. Kama nimekosea kuutumia, nirekebishe kwa kalamu nyekundu, sitaona vibaya.

Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kushika kioo kwa kingo, na ulikaa nasi maabara mpaka saa 1 usiku siku ile umeme ulipokatika, unatumulikia kwa simu yako. Sijasahau. Lakini mwanafunzi akikuletea kazi usiku, mjibu hata kwa mstari mmoja, mwambie "usisambaze kwanza". Mstari ule ungetosha. Nasema hivi nikijua kwamba kidole kilichobonyeza kutuma kilikuwa changu, na mwenzangu aliyefungua simu pale kituoni aliniamini mimi, siyo wewe. Hata hivyo nilikuwa nimeomba. Niliomba kabla.

Kwenye kundi nimeifuta faili ya zamani na kumwandikia kila mmoja aifute kwenye simu yake. Watu 31 wamejibu kwamba wamefuta. Wawili hawajajibu, nitawafuata bweni. Wa mwaka wa kwanza wameshaanza kuniomba mpya, nimewaambia haijakaguliwa.

Jina langu bado liko chini ya ukurasa. Juu yake nimeacha nafasi ya kuandika "imekaguliwa" na tarehe. Ijumaa mchana nitapita ofisini kwako na nakala ya karatasi, kama barua pepe haikufikii vizuri.