Hundi yako imeingia benki, mbona mzigo hautoki?

Swali hili tunaulizwa karibu kila wiki. Mteja analeta hundi asubuhi, mchana anapiga simu: "Jamani, benki imeshapokea, salio lenu limepanda, mnasubiri nini tena?" Tunasubiri hundi ilipwe. Kupokelewa ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine, na katikati yao ndimo hundi nyingi zinamodundia.

Mteja wetu mmoja, fundi mkuu wa ujenzi ambaye tumefanya naye kazi miaka mingi, alituandikia hundi iliyodunda bila hata kujua. Alhamisi alilipwa na mwenye nyumba kwa hundi ya laki sita na arobaini elfu, akaiweka benki siku hiyohiyo. Ijumaa akaangalia akaunti yake, akakuta laki sita na sabini. Akaridhika, akatuandikia hundi ya laki tano na themanini. Tukaiweka. Jumanne ikarudi, imebanwa na kikaratasi cha benki kinachosema fedha za mwandikaji bado hazijakusanywa.

Huyu bwana hakuwa tapeli. Salio aliloliona lilikuwa la sehemu mbili: elfu thelathini zilizokuwa zake kweli, na laki sita na arobaini ambazo benki yake ilikuwa imeziandika kitabuni tu, ikingoja benki ya mwenye nyumba ikubali kulipa. Akaunti nyingi huonyesha namba mbili, salio la jumla na salio linaloweza kutumika. Yeye alisoma ya kwanza. Ukitaka kuandika hundi, soma ya pili.

Nasi tulikuwa katika hatari hiyohiyo. Siku tulipoweka hundi yake, salio letu pia lilipanda kwa laki tano na themanini, na iliporudi benki ikaziondoa. Kama tungekuwa tumeshamwandikia msambazaji wetu kwa kutegemea hizo, yetu nayo ingedunda. Ndiyo maana karatasi ya benki yenye muhuri, ile unayotutumia picha yake, haitoi mzigo ghalani. Inathibitisha kwamba benki imepokea hundi. Haithibitishi kwamba hundi ina fedha.

Basi hundi ikirudi tunafanya nini? Kwanza tunasoma sababu, kwa kuwa sababu hazifanani. Tarehe imekosewa, saini hailingani na ile iliyoko benki, maneno na tarakimu vinapingana: hayo ni makosa ya kalamu, na dawa yake ni hundi mpya. Fedha hazijakusanywa, kama kwa fundi wetu, maana yake ni subira. Tulimpigia, akathibitisha siku ambayo hundi ya mwenye nyumba ililipwa, tukaiwasilisha ile yake tena na ikapita. Lakini kuna maneno mengine ya kibenki, yenye adabu nyingi: "rudi kwa mwandikaji." Benki haipendi kutangaza mifuko ya mteja wake, kwa hiyo inakuambia kamuulize mwenyewe. Mara nyingi maana yake ni kwamba akaunti haina kitu. Hiyo hatuikimbizi benki tena kwa kubahatisha, maana kila inaporudi mwandikaji hukatwa ada, na benki nyingi humkata hata aliyeiweka. Tunaomba fedha zitumwe moja kwa moja kwenye akaunti.

Hundi iliyorudi hatumkabidhi mwandikaji mpaka alipe. Deni halikufutika kwa sababu ulitoa hundi. Hundi ni malipo kwa sharti kwamba italipwa, na isipolipwa deni liko palepale. Karatasi ile pamoja na kikaratasi cha sababu ndio ushahidi wetu. Tunamjulisha mwandikaji siku hiyohiyo, kwa maandishi, kwa sababu anayekaa kimya na hundi iliyodunda anajipunguzia haki. Na ieleweke: katika nchi nyingi, kuandika hundi huku ukijua akaunti ni tupu ni kosa la jinai. Wateja wanaotuambia "tunaandika tu, tutaona mbele ya safari" huwa hatuwaelewi.

Sasa uandishi wenyewe, maana hapa ndipo tunaporudisha hundi nyingi kabla hata hazijafika benki. Tuseme unaandika laki sita. Ukianza katikati ya mstari, umeacha nafasi ya mtu kutanguliza "milioni moja na", na mbele ya 600,000 akachomeka moja na mkato. Sasa hundi yako ni ya milioni moja na laki sita, kwa mwandiko unaofanana na wako. Anza ukingoni kabisa kushoto, maneno yabanane, malizia na "tu", kisha piga mstari hadi mwisho wa nafasi. Tarakimu nazo zibane alama ya fedha. Ukikosea, usifute wala usipake rangi nyeupe. Andika nyingine, na ile mbovu ichanie saini, ibaki kwenye kitabu ikiwa imeandikwa "imebatilishwa". Na kishina ukijaze kabla ya kuchana hundi, si jioni ukiwa nyumbani ukijaribu kukumbuka.

Mistari miwili sambamba, inayochorwa kwa mshazari kwenye kona ya juu kushoto, ina kazi moja kubwa. Hundi isiyo nayo inaweza kulipwa taslimu dirishani. Ikiisha kupigwa mistari, benki haimpi mtu fedha mkononi. Lazima ipitie akaunti. Kwa hiyo hata ikiibwa, mwizi atalazimika kuacha jina na namba ya akaunti nyuma yake. Ukiongeza kati ya mistari maneno ya kwamba alipwe mwenye akaunti tu, unaelekeza fedha ziingie kwenye akaunti ya aliyeandikwa jina, si ya mtu aliyepewa hundi hiyo baadaye. Jambo ambalo wengi hawalijui: si mwandikaji peke yake anayeruhusiwa kuchora mistari hiyo. Aliyepokea hundi anaweza pia. Ndiyo maana ukituletea hundi wazi, utamwona karani wetu akivuta rula mbele yako. Si kwamba anakuharibia hundi. Anayeipeleka benki ni kijana wa pikipiki, na hatutaki abebe kitu kinachogeuka noti njiani.

Tunapoiweka, tunaandika jina na namba ya akaunti yetu nyuma, tunajaza fomu, na tunapiga picha pande zote mbili. Hundi za tarehe ya mbele tunazifungia mpaka siku yake ifike. Ukiiwahisha, benki inairudisha. Hundi iliyolala zaidi ya miezi sita kwa kawaida haikubaliwi, hata kama fedha zipo tele, kwa hiyo ukikuta ya zamani kwenye droo mwombe mwandikaji akubadilishie.

Muda wa kusubiri unategemea benki mbili zinazohusika na siku za mapumziko zilizoko katikati. Hundi ya Ijumaa jioni kwa kawaida huhesabiwa kuanzia siku ya kazi inayofuata, kwa hiyo ukiwa na haraka ya Jumatatu, usituletee hundi Ijumaa. Tuma fedha kwa akaunti. Kama ni hundi, acha namba ya simu. Benki ikitudhihirishia kwamba imelipwa tunakupigia, na gari linapakia siku hiyo.