Barua kwa prefe mwenzangu: biki kwanza, telefone baadaye

Bukavu

Ndugu yangu Prefe,

Salamu nyingi kwako na kwa watu wa nyumbani huko Lubumbashi. Umeniomba nikuandikie yale ninayowaambia wanafunzi kuhusu programu za telefone zinazoandika na kusahihisha, ili nawe uyaseme kwako. Nakutumia hotuba yenyewe, pamoja na sababu za kila sehemu, maana wanafunzi wa kalasi za juu watakuuliza sababu kabla hujamaliza.

Kwanza, usiisemee kwenye bendera siku ya Jumatatu. Pale utapiga kelele, watoto watasikia “telefone ni mbaya”, basi. Ingia kalasi kwa kalasi, dakika 20 zinatosha, na uwe na ubao, kwa sababu hotuba hii ni ya kuonyesha. Mfano wangu ni wa Kiswahili, ingawa najua disertasheni ya mtihani wa Eksetat huandikwa kwa Kifaransa. Nimeuchagua kwa kuwa katika Kiswahili kila mtoto anaona kosa kwa macho yake bila kufungua kamusi. Wakishaelewa hapo, mwalimu wa Kifaransa ataendelea.

Andika ubaoni kazi hii: “Eleza jinsi sambaza wanavyovuliwa ziwani Kivu.” Chini yake andika aya mbili. Ya kwanza ni ya namna zinavyotoka kwenye programu:

“Uvuvi ni shughuli muhimu sana katika maisha ya binadamu. Kila siku asubuhi na mapema, wavuvi hodari huingia ziwani na kutupa nyavu zao kwa matumaini makubwa. Samaki hao huleta lishe bora na kipato kwa jamii nzima.”

Ya pili ni ya mwanafunzi, na makosa yake yote:

“Usiku mitumbwi mitatu inafungwa pamoja na miti mirefu. Taa inawaka juu ya maji sambaza wanakuja. Wavu uko chini wanauvuta juu wakiimba.”

Waulize ipi ni nzuri. Wengi watasema ya kwanza. Usibishane nao, uliza tu: katika hiyo ya kwanza, neno lipi ni la Kivu? Halipo hata moja. Ukifuta “ziwani” ukaweka “baharini”, aya inafaa Mombasa, na hakuna mtu atakayestuka. Halafu ina uongo ndani yake. Sambaza hawavuliwi asubuhi. Wanavuliwa usiku kwa taa, kwa sababu samaki hao wadogo hukusanyika chini ya mwanga, na ndiyo maana mwezi ukiwa mkubwa mavuno hupungua: mwanga umetawanyika ziwa zima na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Mtoto wa aya ya pili anayajua hayo. Alichokosa ni vituo na viungo vya sentensi, na hivyo ndivyo vinavyofundishwa shuleni.

Hapo waeleze kwa kifupi kwa nini programu inaandika hivyo. Imesoma maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno gani kwa kawaida hufuata neno lililotangulia. Kiswahili ilichokisoma kwa wingi ni cha Tanzania na Kenya. Cha kwetu ni kidogo, kwa kuwa sisi tunakisema kuliko kukiandika. Kwa hiyo inarudi daima kwenye maneno ya katikati, yale yanayofaa kila mahali. Haikukusudia kudanganya. Haijui tu kama usiku ule kulikuwa na taa.

Sasa mwonyeshe kila mmoja hatari ya kubonyeza “sahihisha” na kukubali yote. Andika: “Mama anauza sambaza sokoni Kadutu.” Kwetu ni samaki. Katika Kiswahili sanifu “sambaza” ni kitenzi, maana yake eneza, tawanya. Programu inaweza kuona kosa mahali ambapo hakuna kosa na ikakurudishia “Mama anauza na kusambaza bidhaa sokoni Kadutu.” Sentensi ni safi, samaki wamepotea. Vilevile “naenda masomo”, ambayo kwetu ni kwenda shule, inaweza kugeuka “naendelea na masomo”. Ndiyo maana nawafundisha kusoma kila neno lililobadilishwa kando ya lile la kwanza na kujiuliza swali moja tu: limebadilika umbo au limebadilika maana? Likibadilika umbo, tafuta kanuni kisha ukubali. Likibadilika maana, rudisha lako.

Baada ya hapo ndipo natoa utaratibu wenyewe. Mwanafunzi anaandika aya yake ya kwanza kwa biki ndani ya kaye, mstari mmoja anauandika na mmoja anauruka, kwa dakika kama 25, telefone ikiwa mbali. Mstari unaorukwa ni wa masahihisho. Asipouacha atasahihisha juu ya maneno, na baadaye hakuna atakayejua alianzia wapi. Kazi ilale usiku mmoja. Kesho yake anaisoma kwa sauti, peke yake au mbele ya mwenzake, na pale pumzi inapokatika bila kituo anaweka kituo. Mwenye telefone anaweza sasa kuiuliza, lakini aya moja kwa wakati, na kwa maneno haya haya:

“Nionyeshe makosa ya tahajia na ya sarufi katika aya hii. Usiiandike upya. Kwa kila kosa taja kanuni.”

Ile “usiiandike upya” usiiache. Mwanafunzi akisema tu “nisahihishie”, atarudishiwa aya nyingine kabisa, nzuri kuliko yake, na hapo ndipo uaminifu unapovunjika hata kwa mtoto asiyekuwa na nia mbaya. Anaona aya nzuri, anasema “hii ndiyo niliyotaka kusema”, ananakili. Na kanuni inayotajwa nayo aipeleke kwenye kitabu cha sarufi au kwa mwalimu, kwa sababu programu inaweza kukosea kanuni kwa sauti ile ile ya uhakika. Mwisho anafunga telefone na kuandika upya kwa mkono.

Tumalize mfano wetu ubaoni. “Inafungwa pamoja na miti” ina tatizo ambalo watoto hulipenda sana. Baada ya kitenzi cha kutendwa, “na” humtaja mtendaji: mtumbwi umefungwa na mvuvi. Ukisema mitumbwi inafungwa na miti, msomaji anaweza kuiona miti imesimama usiku ikifunga mafundo. Kifaa hutajwa kwa “kwa”: inafungwa kwa miti. Kisha “taa inawaka, sambaza wanakuja” ni mambo mawili yaliyosimama kila moja peke yake, “-ki-” inayaunganisha. Aya inakuwa hivi:

“Usiku, mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu. Taa ikiwaka juu ya maji, sambaza huja. Wavu uko chini. Wavuvi wanauvuta juu wakiimba.”

Maneno bado ni ya mtoto. Yaliyobadilika unaweza kuyahesabu kwa vidole, na kila moja lina sababu anayoweza kuitamka. Sababu hizo anaziandika nyuma ya kaye, kushoto alivyoandika, kulia inavyotakiwa, na chini yake kwa nini. Baada ya kazi tano au sita ataona kosa lile lile linarudi, na hilo ndilo la kufanyia mazoezi, mengine yangoje.

Chini ya kazi anaandika mstari mmoja wa ukweli: “Nilitumia ChatGPT kutafuta makosa katika aya ya 2. Maneno ni yangu.” Asiyetumia kitu aandike hivyo pia. Watakuuliza mpaka uko wapi. Mimi najibu kwamba unategemea somo linapima nini. Katika jiografia, kusaidiwa tahajia hakumwibii mwalimu kitu. Lakini kuandika kwa Kiswahili, kutafsirisha yote kwa telefone na kuipeleka kama zoezi la Kifaransa ni kupeleka kazi ya mtu mwingine, kwa kuwa kutafsiri ndiko kulikokuwa zoezi. Na ukumbini mwa Eksetat hakuna telefone, ni biki na karatasi; finalisti aliyezoea njia hiyo atakaa mbele ya ukurasa mweupe.

Jambo moja ni lako na walimu wako. Usiwatishe watoto kwa mashine zinazodai kutambua maandishi ya programu. OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa yao Januari 2023. Kwa hesabu yao wenyewe ilitambua 26% tu ya maandishi ya mashine, na 9% ya maandishi ya watu iliyaita ya mashine. Julai mwaka ule ule waliiondoa kwa kukosa usahihi. Chukua kalasi ya watoto 50 waaminifu: 9% ni wanne au watano watakaoitwa wezi bure. Ukiwa na shaka, omba kaye uone aya ya kwanza na mistari iliyorukwa. Kisha funika kazi, mwombe aeleze maneno mawili aliyoyatumia na aongeze sentensi moja. Mwenye haya mpe biki badala ya kumhoji mbele ya wenzake. Kuna watoto wanaoandika vizuri na wasioweza kusema neno mbele ya prefe. Na mwalimu anayetoa maswali yake kwenye programu naye aseme, la sivyo hotuba yote itachekwa nyuma ya mlango.

Hatua ya telefone isiwe ya lazima wala isiongezewe pointi. Wengine hawana telefone, wengine wanayo bila mega, wengine umeme umekatika. Kusomeana kwa sauti na kamusi moja ya kalasi vinafanya sehemu kubwa ya kazi ile ile.

Huko kwenu sambaza hawatawashika watoto, nadhani. Tumia makala. Andika ubaoni “Baba anauza makala”, na kila mtoto wa Lubumbashi ataona gunia jeusi. Katika Kiswahili sanifu yale ni “makaa”, na makala ni maandishi ya gazetini, kwa hiyo programu inaweza kumfanya baba kuwa mwandishi wa habari. Kisha wape kazi ya kueleza jinsi miti inavyopangwa, inavyofunikwa kwa udongo na kuachwa iungue polepole. Waulize wazazi kwanza, waandike baadaye, na unitumie aya mbili tatu nizione, za wale wenye makosa mengi hasa.

Wako,
Prefe mwenzako wa Bukavu