Dereva, usimpungie mkono mtu wa kwenye zebra

Mhariri,

Naendesha hiace njia ya Kirumba hapa Mwanza. Wiki mbili zilizopita, asubuhi, nilisimama kwenye zebra kumpisha mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya dagaa kichwani. Nikampungia mkono apite. Alipotokeza tu upande wa kulia wa gari langu, bodaboda aliyekuwa nyuma, akidhani nashusha abiria, akanipita kwa kasi. Mama alirudi hatua moja. Ndoo ikamponyoka, dagaa wote wakamwagika juu ya mistari myeupe.

Kosa la bodaboda linajulikana: gari likisimama kabla ya zebra hulipiti, hata kama hujui limesimamia nini. Lakini nataka kulisema langu pia. Hiace ni kama ukuta. Mvukaji akiwa mbele yake haonekani na anayekuja nyuma, na yeye hamwoni. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo chetu mjini, pikipiki inakata karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde ya kwanza inaisha dereva akiwa bado anashtuka, na breki zenyewe zinataka mita nyingine kama hizo, tena barabara ikiwa kavu. Mtu anayechomoza hatua moja mbele ya gari langu hana mita hizo.

Kwa hiyo siku hizi sisimami puani mwa zebra. Naanza kupunguza mwendo mapema ili taa za breki zionekane nyuma, nasimama mita tatu au nne kabla ya mistari, na mkono wangu unabaki kwenye usukani. Haki ya kupita ni ya mvukaji, lakini mimi siwezi kumhakikishia upande nisioumiliki.

Naye mvukaji ana wajibu wake. Asijitose ghafla mbele ya gari lisiloweza tena kusimama. Akishaanza kuvuka, afike usawa wa taa ya kulia ya gari lililompisha, atue, achungulie, ndipo aendelee. Wengi hapo ndipo wanapokimbia, eti wasimcheleweshe dereva! Acheni tusubiri.

Penye taa za barabarani mambo ni yale yale. Mtu aliyeanza kuvuka kwa kijani chake ana haki ya kumaliza, hata kama kijani cha magari kimewaka akiwa katikati. Barabara ya mita 12 kijana anaivuka kwa sekunde 10 hivi. Bibi mwenye fimbo anahitaji 15 au zaidi. Honi haimwongezei miguu.

Yule bodaboda hakusimama. Konda wangu alishuka kumsaidia mama kuzoa dagaa, wengi wakiwa wameshachanganyika na mchanga. Fidia mama hakumdai aliyekimbia, alinidai mimi. "Si wewe mwanangu uliyeniambia nipite?" Nikamlipa.

Dereva wa hiace, Mwanza